Tupeane uzoefu: karatasi ya kutengana iliyokuponza au iliyokuokoa

Mama Nasra, Mtambile
Assalaam alaykum. Mdogo wangu na mumewe wataketi Jumamosi mbele ya wazee wa pande mbili ili waandikiane makubaliano ya kutengana. Aliponisomea rasimu kwa simu nilijiona nimerudi barazani kwa sheha mwaka 2016, kwa sababu sentensi ni ile ile iliyoniliza mimi: "Vyombo vya ndani vitagawanywa kwa maelewano." Lau yangekuwapo maelewano baina yetu, tusingefika kwa sheha. Mimi nilikwisha kuhamia kwa mama na vyombo vikabaki nyumbani. Siku ya tatu baada ya kutia saini, mume wangu alikuja na ndugu zake wawili na gari ya mizigo, wakachukua friji, cherehani na kabati la milango mitatu. Nilipokwenda kulalamika, sheha aliifungua karatasi, akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza ni chombo gani kilichoandikwa humo kuwa ni changu. Hakikuwamo hata kijiko. Kabati lile lilinunuliwa kwa fedha ya mahari yangu na mtaa mzima uliliona likiingia kabla ya harusi, lakini mtaa haukutia saini.
Kilichoniokoa ni daftari la marehemu mama, ambamo aliandika kila kilichonunuliwa kwa ajili ya harusi, bei yake na jina la fundi seremala. Kabati na cherehani vilirudi. Friji ilikwisha kuuzwa. Naomba kila aliyepitia haya aandike, ili nimpe mdogo wangu cha kushika mkononi.

Umm Sabra
Wallahi umenikumbusha. Kwangu mimi yaliondoka mpaka mapazia.

Bin Shaame
Dada zangu, na sisi wanaume tuna ya kusema. Friji niliinunua mimi, mashine ya kufulia niliinunua mimi, na alipoondoka nikaambiwa vyombo vya ndani ni vya mwanamke.

Umm Sabra
Ndugu yangu, ulinunua friji, na umeme wa kuiendesha nani aliulipa? Mimi nilikaanga vitumbua miaka sita nikilipa umeme, na hakuna aliyeuhesabu.

Bin Shaame
Umeme si friji, Bi.

Karani Mstaafu
Naomba tusiligeuze jambo hili kuwa la wanaume na wanawake. Nimekaa miaka mingi meza ya mbele katika Mahkama ya Kadhi nikipokea karatasi za namna hii, na zilizotuchosha zilikuwa zile zilizoandikwa kwa neno moja, "vyombo". Vilivyonunuliwa kwa mahari, na alivyopewa mke na wazee wake, ni mali yake peke yake na havigawanywi kabisa, kwa hiyo viandikwe mwanzo, mbali na vyengine. Vilivyopatikana ndani ya ndoa ndivyo vyenye mazungumzo, na tangu Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya mwaka 2017 kadhi anaweza kuangalia mchango wa kila mmoja, kwa hivyo umeme wa Bi Umm Sabra si neno la kupuuzwa, ingawa utahitaji mashahidi. Kila chombo kiandikwe kwa namna ambayo mtu asiyewahi kuingia nyumba ile angekitambua: "kabati la mninga, milango mitatu, kioo cha kati kimepasuka pembeni, lipo chumba cha kulala." Baada ya hapo iandikwe siku ya kuvihamisha na majina ya watu wawili watakaosimama mlangoni, mmoja wa kila upande.
Mama Nasra, nakuuliza jambo moja ambalo hukulitaja. Rasimu inasemaje juu ya makaazi?

Mama Nasra, Mtambile
Imeandikwa hivi: "Mke ameondoka na anaishi kwa wazazi wake."

Karani Mstaafu
Basi sentensi hiyo isitiwe saini. Kutengana si talaka, na madhali yeye bado ni mke, nafaka yake, yaani matumizi yake, ipo juu ya mume. Lakini mke aliyetoka bila ya idhini huweza kuitwa nashiza, na nafaka ikasimama. Pakizuka mzozo baada ya miezi minane, mume ataonesha neno "ameondoka" na kudai kwamba alitoka mwenyewe. Pawekwe: "Mume ameridhia mke akae kwa wazazi wake kuanzia tarehe fulani, na ataendelea kumpa nafaka ya kiasi fulani."

Mpemba wa Konde
Ninavyojua mimi, wakikaa mbalimbali miezi mitatu ndoa inakuwa imevunjika yenyewe, na mtoto akifika miaka saba huhamia kwa baba. Kwa hiyo karatasi hiyo ni ya muda tu.

Karani Mstaafu
Hapana, ndugu yangu. Hata wakikaa mbalimbali miaka mitatu, bila ya talaka, khului au amri ya kadhi yule ni mkewe. Ama kuhusu miaka saba umepatia nusu: kwa madhehebu ya Shafii, mtoto akipambanua mambo huulizwa anataka kukaa na nani, hahamishwi tu kwa kuwa umri umefika.

Mke wa Baharia
Samahanini, mume wangu amekwenda melini mwaka wa pili huu bila ya habari. Je, na mimi niandike karatasi hii?

Karani Mstaafu
Bi, makubaliano yanataka watu wawili. Lako ni la kwenda kwa kadhi kueleza kwamba mume hayupo na hapeleki matumizi, usingoje tena.

Bin Shaame
Nimenyamaza kwa sababu ya maneno ya mtoto. Karatasi yetu ilisema, "Baba atakaa na mtoto siku ya Idd mosi." Mimi niko Unguja, mwanangu yuko Wete kwa mama yake. Watu wa nyumbani kwetu tunafunga na kufungua kwa mwezi ulioandama popote duniani, na wao wanafuata tangazo la Mufti. Mwaka ule tulipishana siku moja. Nilikwenda bandarini Malindi asubuhi ya Idd yangu, na kanzu ndogo nimeifunga kwenye mfuko, nikasubiri boti ya Pemba hadi abiria wa mwisho akashuka. Mwanangu hakuwamo. Nilipopiga simu nikaambiwa, "Leo sisi tumefunga, Idd ni kesho." Keshoye walingoja wao, nami kwa hasira sikuipokea simu. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Alikaa barazani na viatu vyake mpaka magharibi, na hilo alinihadithia yeye mwenyewe alipokuwa mkubwa.

Umm Sabra
Bin Shaame, nisamehe kwa maneno yangu ya friji. Mwenyezi Mungu akuwekee mwanao.

Mpemba wa Konde
Ndiyo maana bora kutoandika siku. Baba aje atakapo.

Umm Sabra
Wangu aliandikiwa "atakapo" na hakuja mwaka mzima.

Bin Shaame
Tuliandika upya: Idd kwa tangazo la Mufti, nauli ya mtoto na ya mtu mzima wa kumsindikiza naitoa mimi, na kama boti haikuondoka kwa upepo, siku ile hulipwa Ijumaa inayofuata. Tangu hapo hatukugombana.

Mama Nasra, Mtambile
Mume wa mdogo wangu hana mshahara, anategemea karafuu. Nafaka ya kila mwezi itaandikwaje?

Karani Mstaafu
Kiandikwe kiasi kidogo ambacho anakiweza kila mwezi, na nyongeza inayojulikana baada ya kuuza karafuu, kwa tarehe. Lisikubaliwe neno la mke "kusamehe" matumizi ya watoto, kwani hiyo ni haki ya watoto. Wakishakubaliana wayapeleke kwa kadhi ayaandike kuwa amri, maana ikibaki kwa sheha ni ushahidi tu.

Mpemba wa Konde
Kupelekana mahkamani kutaziba njia ya kurejeana. Mimi sikubali.

Mama Nasra, Mtambile
Mdogo wangu naye analiogopa hilo, na sijui nimjibu nini. Usiku huu tumeanza na orodha. Yeye ananitajia, mimi naandika, tumefika jikoni.