Nimelipia kuhuisha picha moja, nikaletewa binti mwingine na kanga isiyosomeka

Wakuu, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniambia nikasome maelezo ya matumizi.

Ninatengeneza matangazo ya simu kwa ajili ya duka la kanga. Mwenye duka alinipa picha moja tu: mpwa wake amesimama barazani, kanga moja ameifunga kiunoni na ya pili ameitupia mabegani, na jina la ile ya kiunoni linasomeka vizuri: "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nilichotaka huduma ya akili bandia ya kugeuza picha kuwa video inifanyie ni upepo upite kwenye kanga, naye ageuke kidogo atabasamu. Kwa kuwa nilihofia maandishi kuharibika, niliongeza picha ya marejeo ya kanga ileile ikiwa imetandazwa, kisha nikaandika:

```
Gentle wind moves the kanga. She turns her head and smiles. Static camera.
```

Klipu ya sekunde 5 iliyorudi inapendeza, lakini binti si yule. Mashavu yamepanuka, kipini cha pua kimetoweka, na jina la kanga linasomeka "Mgenu nioo mwenyej apoone", tena herufi zinabadilika kila kitambaa kinapojikunja. Huduma hiyo inatangaza kwamba picha yako itabaki ilivyo, ila nilipodai krediti zangu nilijibiwa kwamba klipu "imekamilika". Imekamilika kwa nani?

Kijana_wa_Mhariri: Mkuu, maelekezo yako ni mafupi mno. Eleza uso, kipini, baraza na rangi zote za kanga, halafu malizia kwa kuandika `no distortion`. Mimi hufanya hivyo na napata kazi safi.

FundiFremu: Ndugu mleta uzi, simamisha klipu kwenye sekunde ya sifuri kabisa, uilinganishe na picha uliyopakia. Ikiwa fremu ya kwanza ni picha yako yenyewe, basi uharibifu umetokea njiani. Ikiwa binti ni mwingine tangu hapo, basi mtambo haukuihuisha picha yako, bali umechora tukio jipya kwa kuangalia picha zako mbili kama mifano. Kwenye huduma kadhaa, picha ya marejeo huleta sura na mavazi tu, wala haifungi fremu ya mwanzo. Ushauri wa Kijana una maana katika hali hiyo ya pili, kwa sababu hapo mtambo unahitaji kuelezwa sura. Fremu ya kwanza ikishafungwa, sura tayari inaonekana, kwa hiyo maneno yatumike kueleza mwendo. Hilo la `no distortion` mimi siliamini, maana mara nyingi kitu ukikikataza kwa maneno unakuwa umekitaja tu.

Kuhusu jina la kanga, mitambo mingi hufanya kazi juu ya picha iliyobanwa sana, ambamo eneo la nukta 8 kwa 8 huwakilishwa na sehemu moja. Herufi nyembamba hupotea hapo, na kitambaa kikijikunja mtambo hulazimika kuzibuni upya katika kila fremu. Kwa hiyo upepo uupeleke kwenye kanga ya mabegani, ile ya kiunoni itulie. Kugeuka nako kuache, kwa kuwa picha yako inaonyesha uso wa mbele tu, na upande wa shavu usioonekana utabuniwa. Ondoa picha ya pili, kisha jaribu hivi:

```
The cloth on her shoulders lifts in a light breeze. She slowly smiles. The wrap at her waist hangs still. Static camera.
```

Mama Sele: Samahanini, mimi nilihuisha picha ya marehemu baba, akaanza kuongea! Watoto wamecheka, mimi nimelia. Sauti inazimwaje?

FundiFremu: Pole sana, mama. Kuzima sauti hakutazuia mdomo kucheza. Mpe mwendo mwingine: anapumua taratibu na kupepesa macho, midomo imefungwa.

Mleta uzi: Nimeangalia sekunde ya sifuri, na binti ni mwingine tangu hapo. Maana yake nilipoongeza picha ya pili ukurasa ulibadilisha namna ya kazi bila kuniambia neno. Nimerudia kwa picha moja na maelekezo ya FundiFremu: sura ni yake, kipini kipo, jina linasomeka, isipokuwa mwishoni "apone" inatetemeka kidogo.

Kijana_wa_Mhariri: Basi chagua sekunde 10, itatulia.

FundiFremu: Mimi ningekata pale inapoanza kutetemeka. Ukichagua sekunde 10, tabasamu litaisha mapema, na sekunde zitakazobaki mtambo utazijaza kwa kubuni.

Mleta uzi: Nitakata. Lakini jaribio hili la pili nalo nimelilipia, na krediti za lile la kwanza bado ninazidai. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa, aniambie aliandika nini.