Mrejesho: kulipa wakulima na kurudishia wateja kwa mkupuo

Niliuliza: "Nitawalipaje wakulima wa zabibu wa Hombolo na kuwarudishia wateja fedha kwa mkupuo, bila mtu mmoja kushika kila kitu?"

Asanteni sana wakuu, imewezekana. Mhasibu anapakia faili la malipo kwenye mfumo wa kulipa kwa simu, mimi naidhinisha kwa nywila yangu. Aliyepakia hawezi kuidhinisha. Kabla ya kubonyeza nalinganisha jina la usajili wa laini na jina la kwenye stakabadhi ya mzigo. Mkulima mmoja wa laki nane alileta jina tofauti, kumbe laini ni ya mwanawe. Tulimtoa kwenye faili, wengine wakalipwa, yeye akafuata baada ya kuthibitisha.

Kilichonisaidia zaidi ni onyo lenu kuhusu miamala inayosomeka "inasubiri". Hiyo haijashindikana, fedha inaweza kufika baadaye, na ukipakia faili lote upya unalipa mara mbili. Tulisubiri ripoti ya mwisho, tukarudia iliyoshindikana tu.

Marejesho ya wateja yana faili lake. Kila mstari una namba ya muamala wa malipo ya awali, nami nakataa namba iliyokwisha kurudishiwa kiasi chake chote.