Nimebambikwa 910,000 ya saruji ambayo haijapotea. Wahasibu, jonali hii mmeisomea wapi?

StooRoksiti:
Wakuu, naleta uzi huu nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza lugha mnivumilie.

Mimi ni stoo kipa kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulihesabu mzigo. Kwenye mfumo saruji ilisomeka mifuko 640, sakafuni tukapata 588. Upungufu 52. Mhasibu hakuuliza swali hata moja. Hakuja stoo, hakufungua faili la diliveri noti, hakuangalia kadi yangu. Jioni hiyohiyo akabadilisha idadi kwenye mfumo iwe 588 na kupiga jonali hii, ambayo nimeinakili kwenye skrini yake:

Debiti: Mdaiwa, mtunza stoo 910,000
Krediti: Stoku ya saruji 728,000
Krediti: Mapato mengineyo 182,000

Yaani mifuko 52 kwa bei ya kuuzia, 17,500, wakati kwenye stoku inakaa kwa 14,000 bila VAT. Ile 182,000 ni nini? Duka limeibiwa au limefanya biashara na mimi?

Sasa sikieni saruji ilipo. Lori la mwisho lilileta mifuko 600, na 12 ilikuwa imepasuka. Niliikataa, dereva akaondoka nayo, tukasaini wote wawili kwenye diliveri noti. Mhasibu akaingiza ankara nzima ya 600. Halafu Jumamosi hiyohiyo asubuhi, kabla hatujafika kwenye saruji, fundi mmoja alibeba mifuko 25. Mtandao ulikuwa chini, mauzo yakaingizwa Jumatatu. Na kuna sita iliyoganda imewekwa kona ya nyuma, timu ya kuhesabu ikairuka eti "hiyo siyo mali".

Nimemweleza yote. Jibu lake: "Hesabu imeshafungwa, mshahara wako utakatwa laki tatu kila mwezi." Mshahara wangu ni 450,000!

BosiMchanga:
Mimi nina maduka mawili ya hadwea na nimeshafukuza mastoo kipa hadi nimesahau majina. Kila mmoja ana hadithi ya lori na fundi. Mtunza stoo akijua upungufu utalipwa na duka, saruji itaota miguu. Mhasibu wenu kafanya kazi yake.

StooRoksiti:
Bosi, diliveri noti ina sahihi ya dereva. Hiyo nayo ni hadithi?

CPA_Njiani:
Pole mkuu. Kitaalamu mhasibu kakosea akaunti tu. Upungufu wa stoku ni gharama, kwa hiyo ilitakiwa iwe debiti Upungufu wa stoku 728,000, krediti Stoku 728,000. Kwa kosti, siyo bei ya kuuzia. Wewe hutakiwi kuonekana hapo kabisa. Akirekebisha hivyo suala limeisha.

MkaguziMstaafu:
CPA Njiani, kwenye kosti uko sahihi. Ila jonali yako nayo inazika makosa yaleyale, tofauti ni kwamba imehamisha kaburi kutoka kwa kijana huyu kwenda kwenye gharama za duka. Ile 52 siyo upungufu. Ni tofauti kati ya daftari na sakafu, na tofauti haipigiwi jonali mpaka ujue kila mfuko umetokana na nini.

Nimesoma maelezo ya StooRoksiti mara mbili. Nikichukulia ni ya kweli na karatasi zipo, mambo yako hivi.

Mifuko 12 haikuingia stoo. Daftari ndilo lililodanganya, na anayedaiwa ni msambazaji. Debiti Msambazaji, krediti Stoku 168,000, na adaiwe krediti noti ili ile VAT ya kwenye ankara nayo irekebishwe. Kumdai stoo kipa mifuko hiyo wakati duka linaweza kuidai pia kwa msambazaji ni kulipwa mara mbili.

Mifuko 25 imeuzwa. Haihitaji jonali yoyote ya upungufu, ilihitaji mauzo yaingizwe kabla ya kulinganisha. Na hapa ndipo penye balaa ambalo mhasibu wenu bado hajaliona. Jumamosi ameshusha stoku hadi 588, na hiyo 588 ni hesabu ya sakafu baada ya fundi kuondoka. Jumatatu mauzo ya fundi yalipoingia, mfumo ukatoa 25 nyingine. Mifuko ileile imetoka mara mbili. Leo mfumo wenu una upungufu wa 25 kulinganisha na sakafu. StooRoksiti, kahesabu saruji sasa hivi, kabla ya kufungua duka, ulinganishe na mfumo. Ukikuta ziada ya 25 kamili, hiyo inakuunga mkono kuliko maneno yote.

Mifuko sita iliyoganda ipo, ila haiuziki. Hiyo ni debiti Uharibifu wa stoku, krediti Stoku 84,000. Usiichanganye na upotevu, kwa sababu saruji ikiganda swali linalofuata ni la paa, la pale chini ilipopangwa na la kutoa mzigo wa zamani kwanza. Ikipotea swali ni la mlango.

Inabaki tisa. Tisa kwa 14,000 ni 126,000. Huo ndio upungufu wenu usio na maelezo.

BosiMchanga:
Sawa mzee, kwa hiyo tisa kaiba.

MkaguziMstaafu:
Sijui, na wewe hujui. Kwenye mifuko 600 inayoshushwa na vibarua, tisa inaweza kuwa ilihesabiwa vibaya wakati wa kushusha, inaweza kuwa ilitoka na mzigo wa mteja mwingine, inaweza kuwa imeibwa. Kwa sasa inakwenda debiti Upungufu wa stoku. Ikithibitika baadaye kuna mtu mwenye kosa, ndipo unapiga debiti kwake na krediti kwenye gharama hiyo.

CPA_Njiani:
Mzee shikamoo. Kwa nini isikae kwanza kwenye akaunti ya muda, "upungufu unaochunguzwa"? Sisi tumefundishwa hivyo.

MkaguziMstaafu:
Marahaba. Unaweza, kama uchunguzi una mtu na una tarehe. Nimeona akaunti za namna hiyo zimekaa miaka, zimejaa upungufu wa mastoo kipa walioshaondoka, na mizania inaonyesha mali ambayo haipo. Mwaka ukifungwa ile akaunti lazima isafishwe. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinasema hasara ya stoku ni gharama ya kipindi ilipotokea. Kudai kwamba una mdaiwa wakati hujathibitisha kosa ni kupamba vitabu.

DadaFamasi:
Jamani nisaidieni na mimi. Duka langu la dawa, nikihesabu sipati upungufu ila dawa zimepitwa na muda. Msaidizi wangu anazitoa kwenye mfumo kama "zimeuzwa kwa sifuri". Ni sawa?

MkaguziMstaafu:
Hapana dada. Akifanya hivyo huwezi kujua dawa gani unaagiza kupita kiasi, maana kwenye ripoti zinaonekana zinatoka vizuri tu. Ziwe na akaunti yake, na karatasi ya kuziteketeza.

StooRoksiti:
Wakuu nimerudi. Nimehesabu leo asubuhi mbele ya mlinzi na karani wa mauzo, wote wamesaini. Mfumo unasoma 411. Sakafuni iko 436, bila ile iliyoganda. Ziada 25!!! Kamili!

Nimempelekea mhasibu. Mnajua kasema nini? "Vizuri, hiyo ni ziada ya mwezi huu, tutaiingiza mapato mengineyo." Yaani mimi nilipe 25 ya mwezi uliopita, yeye aandike faida ya 25 mwezi huu, mifuko ileile!

CPA_Njiani:
😂😂 Samahani mkuu sicheki wewe.

MkaguziMstaafu:
Asiiguse. Afute kwanza jonali yote ya Jumamosi, na idadi irudi kama ilivyokuwa. Kisha ashuke hatua kwa hatua kwenye karatasi moja: 640, toa 25 za fundi unapata 615, toa 12 za msambazaji 603, toa sita zilizoganda 597, toa tisa 588. Ikifika 588 amelingana na sakafu ya Jumamosi, na ziada ya leo inatoweka yenyewe. Asipofika hapo, kuna kitu bado hatujaambiwa.

WakiliWaKitaa:
Nimechelewa ila suala la mshahara halijajibiwa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu makato ya kufidia hasara, ila kwa masharti. Uwe umekubali kwa maandishi. Hasara itokee ukiwa kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akupe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Upewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, kwa hiyo 17,500 ya kuuzia ni ngumu sana kuitetea. Na jumla ya makato ya namna hiyo isizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Kwa 450,000 robo ni 112,500. Laki tatu haipo.

Ulisaini chochote?

StooRoksiti:
Siku naanza kazi nilisaini karatasi ya "kuwajibika kwa mali zote za stoo". Nakala sina.

WakiliWaKitaa:
Iombe kwa barua. Ahadi ya jumla ya kuwajibika siyo sawa na kukubali deni fulani lenye kiasi na sababu, ingawa mwajiri atajaribu kuitumia. Wakikata kabla ya kumaliza hili, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na usikae nalo muda mrefu kwa sababu madai yana ukomo wa siku.

BosiMchanga:
Mnamlea huyu. Basi niambieni mimi mwenye duka nijilinde vipi, maana kila upungufu mnasema ni karatasi.

MkaguziMstaafu:
Siku ya kuhesabu funga mlango wa stoo. Kama lazima uuze, kila kinachotoka kiandikwe kwenye daftari moja chenye saa. Andika namba ya mwisho ya risiti, ya mwisho ya diliveri noti na ya mwisho ya ankara kabla hujahesabu mfuko wa kwanza. Anayehesabu asipewe idadi ya mfumo. Na mtu anayebadilisha idadi kwenye mfumo asiwe ndiye anayepiga jonali bila sahihi ya mwingine. Kwa mfumo wa huyu mhasibu, siku akiamua kuiba yeye, anashusha idadi, anakudebiti wewe, basi.

BosiMchanga:
Hilo la sahihi ya pili nalikubali. Mlango sifungi, Jumamosi ndiyo siku ya mauzo.

CPA_Njiani:
Swali la mwisho mzee. Akimkata kwa 17,500, hiyo bei ina VAT ndani yake. Si ni mauzo sasa? Mbona hakuna risiti ya EFD?

MkaguziMstaafu:
Umeuliza vizuri. Akisema ni mauzo, atoe risiti na alipe VAT. Akisema ni fidia, basi ni kosti tu na ile 182,000 haina pa kukaa. Hawezi kushika yote mawili. Kuhusu VAT aliyoidai wakati wa kununua ile tisa iliyopotea, hapo nisingependa kumjibia mshauri wao wa kodi.

StooRoksiti:
Barua nimeandika, nimeambatanisha diliveri noti, daftari la fundi na hesabu ya leo. Meneja kaipokea ila kakataa kugonga muhuri. Mhasibu amesema hafuti jonali kwa sababu mwezi umeshafungwa.

MkaguziMstaafu:
Mwezi kufungwa si sababu. Jonali ya kugeuza inapigwa mwezi huu, na maelezo yake yanataja namba ya ile ya kwanza. Peleka nakala ya barua kwa mwenye duka kwa barua pepe, tarehe itabaki hapo hata bila muhuri.

DadaFamasi:
Na zile dawa ambazo tayari zilishatolewa kwa sifuri mwaka mzima, nazirudisha vipi?