Kikantoni cha kuagizia msosi: nianze na toni au na p, t, k za mwisho?

Mgeni_HK: Wadau habari zenu. Mwezi ujao niko Hong Kong wiki 2, nataka niagize msosi mwenyewe. Mmoja kaniambia nikomae na toni 6 kwanza, mwingine anasema toni ntazipata hukohuko, nishike zile p, t, k za mwisho wa neno. Muda mdogo, nifuate ipi?

Baharia: Hizo p t k hazisikiki, we zimeze tu. Toni ndo kila kitu.

Dada_Xiaobei: Baharia umepatia nusu. Ni kweli hazipasuki, ila mdomo lazima uzibe na sauti ikatike ghafla, mwenyeji anasikia hiyo. Sisi tunakosea kwa kubandika irabu, luk6 ambayo ni sita, na hiyo namba ya mwisho ni ya toni tu, inageuka "luku", aap3 ambayo ni bata inageuka "apu". Mgeni fanya hivi: anza kusema "hapa" bila ile h, midomo ikigusana kwenye p usiifungue tena. Sema "bata", ulimi ukigonga t uuache hukohuko juu, hiyo ni baat3, yaani nane. Halafu LUKU ya umeme, ikiziba kwenye k basi simama. Weka kiganja mbele ya mdomo, ukihisi pumzi mwishoni umeifungua.

Mimi ningeanza na hizo, maana maneno ya namna hiyo karibu yote yanakaa kwenye toni tatu tu zilizonyooka: jat1 (moja) juu, baat3 katikati, luk6 chini. Ukizizoea namba hizo umepata nusu ya toni bila kujua.

Msafiri77: Mi niko Guangzhou naagiza kwa Kimandarini kila siku, wala hakina hizo p t k. Kwa nini ajitese?

Dada_Xiaobei: Kaka yeye anaenda Hong Kong, kauliza Kikantoni.

MamaKarafuu: Mi nasimama na toni jamani. Niliagiza seti ya mchana, inakuja na supu na chai, nikataka chai isiwe na sukari, nikasema m4 jiu3 tong4, sitaki sukari. Sasa tong4 inashuka chini kabisa, mi nikaipandisha na kuishikilia juu kama naongea na mtu asiyesikia vizuri, ikawa tong1, supu. Wenzangu wote wakaletewa supu mi nikabaki naangalia, na chai yangu ina sukari! Siku hizi nasema zau2 tim4, toa utamu, hapo hakuna kuchanganya.

Mgeni_HK: Asanteni sana. Naanza na namba na kiganja, kisha tong. Ila bata wa kuchoma, siu1 aap3, kwenye video nasikia mwisho unapanda, sio katikati?

Dada_Xiaobei: Hata mi naisikia ikipanda, aap2, na kwingine iko palepale 3. Aliyeko Hong Kong atuambie wauzaji wa huko wanasemaje.