Kuhamisha mafao ya pensheni baada ya kubadilisha mwajiri: mfuko mpya, mpango wa binafsi, au kuyaacha yalipo?

Msaidizi_wa_Hesabu (Mombasa)

Waungwana, naomba mnisaidie kulinganisha. Nilifanya kazi katika hoteli moja hapa Pwani kwa miaka saba, nikaondoka tarehe 31 Julai, na sasa nimeajiriwa na kampuni ya uchukuzi wa mizigo. Stetimenti ya mfuko wa pensheni wa hoteli inaonyesha kwamba kufikia tarehe 1 Januari nilikuwa na shilingi 900,000: michango yangu pamoja na riba yake ni 380,000, na sehemu ya mwajiri ni 520,000. Mfuko huo uko chini ya kampuni ya bima, ni ule wenye dhamana, ambao riba yake hutangazwa mara moja kwa mwaka.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni kuyaacha mafao huko huko hadi nitakapofikisha umri wa kustaafu. Ya pili ni kuyahamishia kwenye mfuko wa mwajiri mpya, ambao nimeambiwa huwekeza katika dhamana za serikali na hisa, na mwajiri mwenyewe ndiye hulipa gharama za usimamizi. Ya tatu ni mpango wa pensheni wa binafsi ambao wakala wake amenipigia simu mara nne wiki hii. Huo hukata asilimia 2 ya salio kila mwaka. Sitaki kutoa hata senti, kwa hiyo naomba tusiingie katika mjadala wa kutoa. Nataka kujua ni njia ipi iliyo salama, na barua ya kuomba uhamisho iandikweje.

Mzalendo_Kisauni

Ndugu, mimi ningekushauri uyaache yalipo. Ukigusa tu pesa za pensheni kabla ya umri wa kustaafu, mamlaka ya kodi inachukua chake. Shemeji yangu aliacha kazi ya bandarini, akaandika barua, na hundi ilipotoka ilikuwa imeshakatwa kodi kubwa kiasi kwamba alidhani wamekosea hesabu. Wewe unahamisha 900,000, na utapokea ngapi?

Karani_Mstaafu

Mzee Kisauni, shemeji yako alitoa, mwenzetu anahamisha. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kumewafanya watu wengi waogope bila sababu. Pesa zinapotoka katika mfuko mmoja uliosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu na kuingia moja kwa moja katika mfuko mwingine uliosajiliwa, hazitozwi kodi, kwa sababu mwanachama hajapokea chochote. Zikipitia katika akaunti yako ya benki, hata kwa siku moja, huo si uhamisho tena. Ni malipo, na kodi inakatwa kabla hujaziona. Nilikaa kwenye meza ya madai katika ofisi ya msimamizi wa mifuko kwa miaka kumi na mmoja, na niliona watu wawili watatu waliojaza sanduku lisilo lake kwenye fomu ya kujiondoa. Fomu nyingi zina masanduku yanayofuatana, «nilipwe» na «nihamishiwe», na mkono ukiteleza hapo ni shida kurudisha.

Sasa tuje kwenye barua, maana hapo ndipo uhamisho huharibika. Usiandike tu kwamba unaomba mafao yako yahamishwe. Anza na mfuko mpya: omba wadhamini wake wakupe barua ya kukubali kupokea mafao yako, yenye jina kamili la mfuko kama lilivyosajiliwa, nambari ya usajili, na akaunti ya mfuko iliyo kwa mtunza mali wake, si akaunti ya kampuni. Omba pia nakala ya cheti cha usajili na ya barua ya mamlaka ya kodi inayoonyesha kwamba mfuko umesamehewa kodi. Hizo utaziambatisha pamoja na nakala ya kitambulisho chako, ya pini ya KRA, na barua ya mwajiri wa zamani inayothibitisha tarehe uliyoondoka. Kisha waandikie wadhamini wa mfuko wa zamani kupitia kwa msimamizi wao, ukitaja nambari yako ya uanachama, na uombe mambo mawili kwa maneno yaliyo wazi: mafao yote yalipwe kwenye akaunti ile, na malipo yaambatane na mchanganuo.

Bi_Salama

Hilo la mchanganuo naomba nilisisitize kwa machungu. Nilipohama kutoka shule moja kwenda nyingine, mfuko wa kwanza ulituma shilingi 611,000 kwa jumla, bila karatasi yoyote. Mfuko wa pili ulipokea, ukaandika zote katika safu ya mwajiri. Sikujua hadi mwaka uliofuata, stetimenti ilipokuja ikionyesha kwamba mchango wangu mwenyewe katika miaka yote ile ni sufuri. Ukiondoka kazini kabla ya umri wa kustaafu, sehemu ya mwajiri haitolewi yote, kwa hiyo mtu akikosea safu amekufungia pesa zako mwenyewe. Ilinichukua miezi mitano kurekebisha, kwa sababu karani aliyeshughulikia faili langu alikuwa ameshaondoka na kila ofisi ilisema karatasi iko kwa mwenzake. Kilichoniokoa ni stetimenti zangu za kila mwaka, ambazo nilikuwa nimeziweka katika bahasha moja ya kaki pamoja na vyeti vya watoto.

Karani_Mstaafu

Dada Salama, pole, na kisa chako ni cha kila siku. Mchanganuo unaotakiwa ni huu: michango ya mwanachama, ya mwajiri, ya hiari kama ipo, riba ya kila fungu, na tarehe ya kwanza ya kujiunga na mfuko wa zamani. Tarehe hiyo watu huidharau. Tangu marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza tarehe 27 Desemba 2024, miaka ya uanachama ina uzito wake, kwa kuwa mtu aliyefikisha miaka 20 katika mfuko hupata msamaha wa kodi anapotoa. Kama miaka saba ya zamani itahesabiwa pamoja na mipya, sitaki kumwahidi mtu hapa. Waulize wadhamini wapya na wakujibu kwa maandishi. Lakini tarehe isiyoandikwa popote hakika haitahesabiwa.

Kijana_wa_Bamburi

Samahani, nami niko katika hali hiyo hiyo. Nimebadilisha kazi mwezi wa tatu na NSSF yangu bado inaonyesha jina la mwajiri wa zamani. Je, niandike barua kama hiyo ili wanihamishie?

Karani_Mstaafu

La, kijana wangu. Uanachama wa NSSF ni wako, si wa mwajiri. Nambari ni ile ile popote uendapo, na hakuna salio la kuhamisha. Mpe mwajiri mpya nambari yako, kisha uangalie kama michango ya kila mwezi inaonekana. Ikiwa inakatwa kwenye mshahara na haionekani, hiyo ni kesi nyingine, na ianzishie uzi wake. Kuna ugumu kidogo kwa wale ambao waajiri wao hupeleka michango ya daraja la pili kwenye mfuko wa kazini badala ya NSSF, kwa sababu fungu hilo linakaa katika mfuko na linapaswa kutajwa peke yake wakati wa kuhamisha. Msaidizi, angalia stetimenti yako kama lipo.

Msaidizi_wa_Hesabu (Mombasa)

Halipo, hoteli ilikuwa ikilipa yote NSSF. Nashukuru. Nimempigia msimamizi wa mfuko wa zamani asubuhi hii, na ameniambia jambo lililonichanganya: nikihama sasa nitapewa «riba ya muda» ya asilimia 5 kwa mwaka. Mwaka jana walitangaza asilimia 9. Je, hii ni haki?

Mwekezaji_Mpole

Ni haki kwa maana kwamba imo katika mkataba wa bima, ingawa haipendezi. Mfuko wenye dhamana hutangaza riba baada ya mwaka kufungwa, kwa hiyo anayetoka katikati hupewa kiwango cha tahadhari. Tufanye hesabu kwa salio la Januari pekee, tukiacha michango ya mwaka huu. Shilingi 900,000 kwa asilimia 5, miezi saba, ni 26,250. Kwa asilimia 9 ingekuwa 47,250. Tofauti ni 21,000. Mimi ningesubiri hadi riba itangazwe mapema mwakani, halafu nihame na salio lililojaa.

Karani_Mstaafu

Hesabu ni sahihi, ila umeichukua riba ya mwaka jana kama ya mwaka huu, na hakuna aliyekuahidi. Tena mifuko haifanani: mingine humpa aliyeondoka kazini lakini akabaki mwanachama riba kamili iliyotangazwa, mingine ina masharti yake. Swali la kumwuliza msimamizi ni hili: «Nikiacha mafao hadi baada ya kutangazwa, nitapata kiwango gani kwa mwaka mzima, na je, nitakatwa ada nikiwa mwanachama asiyechangia?» Jibu la simu lisikutoshe.

Kuhusu mpango wa wakala, asilimia 2 ya 900,000 ni 18,000 kila mwaka, ilhali mwajiri wako mpya anabeba gharama. Mpango wa binafsi unamfaa mtu anayerukaruka kazi za mkataba, au ambaye mwajiri wake hana mfuko kabisa. Kwako sioni sababu, labda kama huna imani na uwekezaji wa mfuko mpya, ambao thamani yake inaweza kushuka, jambo ambalo hukulizoea kule kwenye dhamana.

Mzalendo_Kisauni

Hapo ndipo ninaposimama. Kodi nimekubali kwamba nilikosea. Lakini dhamana ni dhamana. Mtu mwenye miaka hamsini na kitu asipeleke akiba yake kwenye hisa kwa sababu ya ada tu.

Bi_Salama

Jambo moja zaidi, halafu ninyamaze. Fomu ya kuwataja wategemezi haihami na pesa. Ujaze mpya siku utakayojiunga. Na bima ya maisha ya kazini, kama hoteli ilikuwa nayo, kwa kawaida hukoma unapoondoka, hata mafao yako yakiwa bado huko.

Msaidizi_wa_Hesabu (Mombasa)

Nina miaka 38, Mzee Kisauni, kwa hiyo hisa hazinitishi sana. Nimeamua kuhamia mfuko wa mwajiri mpya, na barua ya kukubaliwa nimeshaiomba. La kusubiri riba bado halijatatuka, kwa sababu nimemwandikia msimamizi barua pepe na amejibu kwamba suala hilo «litaangaliwa wakati ukifika». Nitamwandikia tena nikinakili wadhamini. Wakikaa kimya, nifanyeje?

Karani_Mstaafu

Wape tarehe katika barua, na uipeleke kwa mkono ili nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku hiyo ikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu ukiambatisha nakala hiyo. Nakala isiyo na muhuri wataisoma, lakini watakuuliza kwanza kama kweli uliituma.