Mnamtukana mama ntilie kwa picha, na kabati chafu mnalipongeza

Wakuu, nina hasira na nitaisema yote. Tangu jana inazungushwa picha ya vibanda viwili vya hapa Dar vilivyopakana. Kushoto mama ana jiko la mkaa, sufuria ya maharage iko wazi, pembeni sinia la samaki wa kukaanga. Kulia kijana ana kabati la chipsi, vioo vinang'aa, taa inawaka, kuku wamepangwa vizuri. Karibu kila aliyechangia anamwita mama mchafu, wengine wanasema ndiko kipindupindu kinakotoka. Kijana anasifiwa usafi na watu wanaulizia yuko mtaa gani wakale.

Nimefanya kazi ya kukagua vyakula sokoni miaka mingi. Ninyi mmeangalia kifuniko, chakula hamkukiangalia.

Ikuzeni picha upande wa mama. Maharage yanatokota, mapovu yanaonekana pembezoni mwa sufuria na mvuke umeficha nusu ya mkono wake. Chakula kinachotokota hakihitaji kitambaa. Inzi hatui pale, na vimelea vya kuhara tunavyoviogopa havistahimili moto ule. Samaki ndio nakubali: wamepoa, wako wazi kando ya barabara, sinia lilitakiwa liwe na kawa au wavu. Kosa lake kwenye picha ni hilo.

Sasa njooni kwenye kabati mnalolisifu. Juu kuna waya umepangwa mishkaki, na nyama ni nyekundu. Chini yake moja kwa moja ndipo lilipo lundo la chipsi zilizokwisha kukaangwa. Kwenye ncha ya mshikaki mmoja tone linaonekana kabisa, linasubiri kuanguka. Chipsi zile hazirudi kwenye mafuta, zinakwenda kwenye sahani na vijiti. Kioo kimezuia vumbi na inzi, nampa haki yake, lakini uchafu ninaouogopa umo ndani ya kioo.

Halafu hiyo taa. Balbu inapasha kilicho karibu nayo. Tazameni lundo: chipsi za juu zimenyooka, za chini zimelegea na kusinyaa, maana yake zimekaa na zina uvuguvugu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Uvuguvugu wa kabati ndio bakteria wanaoutaka. Na koleo ninaloliona ni moja, mdomo wake uko kwenye mishkaki na mpini umelala juu ya kuku.

Mama wa watu ametukanwa kwa sababu sufuria yake ina masizi. Aliyeiweka ile picha amwombe radhi.

Mchumi wa Tandika:
Mkuu nakuunga mkono nusu. Kufunika ni kufunika. Inzi anatoka chooni anakuja kutua kwenye chakula, huo ndio ugonjwa wenyewe. Mimi nikiona wali umefunikwa nailoni vizuri, pembe zote zimebanwa, nakula bila wasiwasi.

Dada Maabara:
Kaka Mchumi, inzi ni kweli, ila huo wali wa nailoni ndio ungenikimbiza mimi. Ukiufunika ukiwa wa moto bila kuwa na kitu cha kuuweka moto, mvuke unagonga nailoni, unageuka matone, unarudi kwenye wali. Unabaki na sufuria yenye unyevu inayopoa polepole mchana kutwa. Kuna bakteria wa wali, Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Zinasubiri hali kama hiyo zichipue, na sumu ya kutapisha inayotokea haiondoki hata ukiupasha upya. Ukiletewa picha ya wali kama huo, angalia nailoni kwa ndani. Matone makubwa yaliyotulia na hakuna mvuke unaotoka, huo umefunikwa kitambo. Kufunika kwangu mimi ni hotipoti inayoshika moto, au moto wenyewe chini ya sufuria.

Kijana wa Kabati:
Mimi ni muuza chipsi na nimeumia kidogo. Mwenye uzi umesema nyama ni mbichi. Sisi wengi mishkaki tunaichemsha kwanza nyumbani na tangawizi na chumvi, ndipo tunaichoma ikilainika. Pili, makabati mengi yana balbu ya rangi au karatasi nyekundu, ili kuku avutie. Chini ya taa hiyo hata viazi vinaonekana vyekundu. Utajuaje kwa picha ya simu? Koleo nakubali, yanatakiwa mawili, na watu wengi hawanunui la pili. Lakini kulegea kwa chipsi kunategemea na kiazi pia. Kiazi chenye maji mengi kinalegea hata hujakitoa kwenye karai vizuri.

Bint Kisauni:
Huku kwetu Mombasa ni viazi karai na bajia, vinatoka kwenye karai vikiwa moto hata kuvishika huwezi. Mimi sitazami viazi, natazama ukwaju. Ndoo iko wazi, kijiko kimoja, kila mteja anachovya, mwengine anachovya bajia aliyokwisha kuiuma. Nilimwambia muuzaji wa mtaani kwetu akaniambia ukwaju ni mkali, hakuna kitu kinaishi humo. Si kweli kiasi hicho, ama?

Dada Maabara:
Uchachu unasaidia, vimelea vya kipindupindu kwa mfano havipendi asidi. Lakini ukwaju wa kuuzia unaongezwa maji na sukari ili utoshe, na maji yenyewe huyajui. Hapo picha haisaidii. Ndoo yenye koki, kata au chupa ya kumiminia zingekuonyesha angalau kwamba mikono haiingii.

Baba Sauda:
Wakuu samahani, kabati la vioo la ukubwa huo linagharimu kiasi gani, na fundi anapatikana wapi? Nataka kumfungulia mdogo wangu biashara.

Mwenye uzi:
Baba Sauda, kiasi siwezi kukwambia. Ukienda kwa fundi mwambie aweke rafu mbili zenye sakafu ya bati, si waya, na mbichi ikae chini.

Kijana wa Kabati, hoja ya taa ni nzito na nimerudi kuitazama picha. Nyama iliyochemshwa inakuwa ya kijivu na imejikunja. Ile ya pembeni kabisa, mbali na balbu, imenyooka na ina ule mng'ao wa unyevu. Na tone nililolisema ni jekundu kwenye upande ambao kuku wake anaonekana wa kawaida. Bado nasema ni mbichi. Lakini hata ingekuwa imechemshwa, kwa nini idondokee chipsi?

Kuku mmemsahau. Wale wameiva nusu, mteja akiagiza wanatumbukizwa kwenye mafuta dakika mbili tatu. Ngozi inakuwa moto, karibu na mfupa bado baridi. Hilo huwezi kuliona kwenye picha yoyote, mpaka umpasue.

Mchumi wa Tandika:
Kwa hiyo vioo vikiwa na ukungu kwa ndani ni dalili mbaya?

Kijana wa Kabati:
Ukungu ni chipsi zimetoka motoni sasa hivi! Mimi mteja akiuona anakuja mbio.

Dada Maabara:
Au zimetoka muda na unyevu haujapata pa kutokea. Kwa picha moja mimi siamui.

Mwenye uzi:
Basi aliyepiga picha arudi pale apige nyingine saa nne usiku, pembe ile ile. Kama lundo la chini ni lile lile tutalijua kwa viazi vilivyobanwa kwenye kioo cha mbele. Na radhi ya mama bado naisubiri hapa.