Bosi anakata "about", "on" na "for" kwenye imeli zangu: nitajuaje lini naweka na lini naacha?

MtunzaJalada
Wakuu, habari za kazi. Nina miezi minne kwenye kazi ambayo imeli zote zinaandikwa kwa Kiingereza. Juzi niliandika mwaliko wa kikao, nikampa bosi aupitie kabla haujaenda kwa idara zote. Ulikuwa hivi:

> We shall meet on Thursday to discuss about the new leave form. I want to emphasise on the deadline. I request for your comments by Wednesday. Kindly reply back to this email.

Ulirudi "about", "on" ya pili, "for" na "back" zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Nilipouliza sababu, akasema hazihitajiki, basi. Nikaamua kuziacha kabisa. Kwenye imeli iliyofuata nikaandika "I am waiting your answer", naye akaongeza "for"! Sasa kila nikifika kwenye kitenzi mkono unasita. Nisaidieni njia ya kujikagua mwenyewe kabla sijatuma.

NyotaYaJioni
Mkuu, hapo Kiswahili ndicho kinakuvuta. Kichwani unasema "kuzungumza kuhusu fomu", vidole vinaandika "discuss about". Acha kutafsiri. Mimi baada ya kitenzi siweki kitu, naandika "reply me by Friday" na kazi inaendelea.

KaraniMkongwe
Nyota, umepata nusu. "Reply me" nayo ni kosa. Unamjibu mtu kwa "reply to me", na unajibu imeli kwa "reply to the email". Ukichukua "answer", ndipo "to" inaondoka: "answer the email". Kwa hiyo kufyeka kila kitu baada ya kitenzi hakutamsaidia mwenzetu, na ndiko kulikomletea ile "waiting your answer".

Nimepitia barua za watu ofisini kwa miaka mingi, na kwa "discuss", "emphasise" na "request" sidhani Kiswahili ndicho chenye lawama kubwa. Angalia tunavyosema sisi wenyewe. Tunajadili bajeti. Hatujadili kuhusu bajeti, au tukisema hivyo tunajua tumerefusha. Lakini likija jina, tunasema mjadala kuhusu bajeti. Tunaomba likizo, ila tunaandika ombi la likizo. Kitenzi kinashika kitu chake chenyewe, jina linahitaji kiungo.

Kiingereza kinafanya vivyo hivyo kwa maneno haya. "Discuss the form", lakini "a discussion about the form". "Emphasise the deadline", lakini "emphasis on the deadline". "Request your comments", lakini "a request for your comments". Tunachofanya ni kukopa kiungo cha jina na kukibandika kwenye kitenzi. Tena "discuss" ina jirani yake, "talk about", na "request" ina "ask for". Hao majirani wana viungo vyao halali, basi tunavihamisha. Ndiyo maana "discuss about" utaikuta hata India na Nigeria, kwa watu wasiojua neno moja la Kiswahili.

Pale ambapo lugha yetu inachangia kweli ni "emphasise on". Kusisitiza kwetu ni neno moja, Kiingereza kina mawili. Mtu akisisitiza kwamba lazima alipwe leo, hiyo ni "insist", na "insist on" ni sahihi kabisa. Ukitaka kukazia jambo liangaliwe, hiyo ni "emphasise", na haina "on".

MtunzaJalada
Shukrani sana, Mzee. Hilo la kusisitiza limenifungua macho. Lakini nikiwa peke yangu mbele ya kitenzi kipya, najuaje kiko upande gani?

KaraniMkongwe
Geuza sentensi iwe ya kutendwa, kitu kikae mbele, kisha usikilize mwisho wake. "The form was discussed." Imetulia, hakuna kinachodai "about". Jaribu na "talk": "The form was talked." Imevunjika, inadai "about". "The deadline was emphasised", imekaa. "Your comments are requested", imekaa. "Your answer is waited", haikai, kwa hiyo "wait" inataka "for". Ukiona "awaiting" kwenye barua rasmi, hicho ni kitenzi kingine kinachojitosheleza: "I am awaiting your answer", bila "for".

Sikio likikataa kuamua, fungua kamusi ya wanafunzi, utazame namna neno lilivyopangwa. Kwa "discuss" utakuta "discuss something with somebody". Hiyo "with" ni ya mtu unayejadiliana naye. Jambo lenyewe limekaa wazi, halina kitu mbele yake.

BintiMwandishi
Naomba na mimi niulize, maana liliniaibisha. Nilialikwa kwenye kikao, nikajibu "I will attend to the meeting". Aliyeandaa akanipigia kuniuliza kama nimechukua kazi ya kupanga viti na chai. Nilidhani ananitania.

KaraniMkongwe
Hakukutania, dada. "Attend the meeting" ni kuhudhuria. "Attend to" ni kushughulikia au kuhudumia, kama "attend to a customer". Hili ni zito kuliko "discuss about", kwa sababu kule msomaji anaelewa na kukunja uso tu, huku anaelewa jambo jingine. Na kipimo changu hakikuokoi hapa, kwa sababu zote mbili zinageuka vizuri. Lazima uanze na maana.

FundiTakwimu
Mimi naona tunajitesa. Kama watu wa nchi nyingi wanasema "discuss about" na wanaelewana, hilo si kosa tena, ni Kiingereza chao. Na "reply back" ina ubaya gani? Hata "back" yenyewe si kihusishi.

KaraniMkongwe
Kwenye "back" uko sahihi, si kihusishi. Inakatwa kwa sababu kurudi kumo tayari ndani ya "reply". "Write back" na "call back" ni sawa, kwa kuwa kuandika na kupiga simu havina kurudi ndani yake. Nadhani "reply back" inatoka kwenye "nirudishie jibu". Mimi naikata, ila sitamkata mtu alama kwa ajili yake. Kwa "discuss about" sikubaliani nawe. Ikiwa anayesoma ni mteja au mtu anayepima maombi ya kazi, hatakuuliza unafuata Kiingereza cha nchi gani.

FundiTakwimu
Basi tatizo ni anayesoma, si anayeandika. Hapo mimi sibadiliki.

MtunzaJalada
Nimeandika upya, mniangalizie:

> We shall meet on Thursday to discuss the new leave form. I want to emphasise the deadline. Please send me your comments by Wednesday. The form comprises of three parts.

"Request" nimeiondoa kabisa, niliona "please send" inatosha. Sentensi ya mwisho ni mpya na inanisumbua. Nikiigeuza napata "is comprised of", na hiyo nimeiona sehemu nyingi. Ina maana "of" inabaki?

KaraniMkongwe
Hiyo "please send" ni bora kuliko ya mwanzo. Kwenye "comprise" kipimo kinakupoteza. Kitenzi chenyewe hakina "of": "The form comprises three parts". Ile "is comprised of" imeenea na kamusi zinaiandika, lakini wahariri wengi bado wanaikata. Weka "consists of", ambayo "of" yake haina mgogoro, au andika tu "The form has three parts".

MtunzaJalada
Nimeweka "has". Inaenda kwa bosi sasa hivi.